Nauza Nikon D7200, mnunuzi yuko Pemba: maelezo niyaandike vipi?

Mlandege_Picha
Assalaam alaykum. Nauza Nikon D7200 pamoja na lenzi yake ya 18-140. Mnunuzi yuko Chake Chake, hawezi kuja Unguja kuiona, kwa hivyo kamera itapanda boti kwa kuamini maelezo yangu tu. Nilimwandikia "nzima, safi, haina tatizo", hakuridhika. Anataka kujua shata imepiga mara ngapi, lenzi gani zinaingia, sensa ina alama gani, na kitu gani khasa nimekijaribu. Mwenyewe ana lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D anayotaka kuivaa humo. Naomba msaada, nimwandikie nini?

Kijana_Ngambo
Waalaykum salaam. Shata rahisi tu, kaka. Piga picha moja, tazama jina la faili. Likisema DSC_0347 basi kamera imepiga picha 347. Na madhali iko chini ya 150,000 asiwe na wasiwasi, maana shata ya D7200 ikifika hapo ndipo inakufa.

Bi_Lenzi
Hiyo 150,000 ni sahihi, lakini maana yake si hiyo. Ni idadi ambayo kiwanda kiliipima shata. Nyengine hufa kabla, nyengine huvuka na kuendelea kupiga. Kwa hivyo andika idadi tu, usimwahidi miaka.

Namba ya faili ndiyo iache kabisa. Ina tarakimu nne, ikifika 9999 inarudi 0001, na mtu anaweza kuirudisha mwenyewe kwenye menyu. Hesabu ya kweli Nikon anaiandika ndani ya picha. Piga JPG moja sasa hivi, itoe kwenye kadi uiweke kwenye kompyuta bila kuihariri, kisha uisome kwa programu ya exiftool:

```
exiftool -ShutterCount DSC_0347.JPG
```

Faili hilo hilo mpelekee mnunuzi asome mwenyewe. Kwa WhatsApp litume kama hati, si kama picha. Ukilituma kama picha linabanwa na maelezo yote ya ndani yanafutika, naye atadhani umeyaficha. Tena mwambie kama kamera ilirekodi video sana. Video ya dakika kumi haimo kwenye hesabu kama picha elfu, ilhali sensa imekaa inafanya kazi muda wote huo.

Mpiga_Paje
Mimi yangu ni Canon 700D, nimeijaribu hiyo amri haitoi kitu. Imeharibika?

Bi_Lenzi
Haijaharibika. 700D haiandiki hesabu ndani ya picha. Inasomwa kwa programu maalumu kamera ikiwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya. Fungua mada yako, tusimchanganye mwenzetu.

Fundi_Darajani
Nizungumzie lenzi, maana hapo ndipo watu wanapogombana baada ya mzigo kufika. Usiandike "inaingia lenzi zote za Nikon". Andika "maunti ya F". Lenzi za Z haziingii, wala hakuna adapta ya kuzivisha humo. Za fremu kamili zenye maunti ya F zinaingia, ila kwa sensa ya DX, iliyo ndogo kuliko fremu kamili, 50mm itaona kwa ufinyu kama 75mm.

Sasa hiyo 50mm f/1.8D ya mnunuzi. Haina mota ndani yake. Inazungushwa na kisurubu kinachochomoza kwenye maunti, upande wa mwili wa kamera. D7200 ina mota hiyo, D3500 haina. Kwa hivyo fokasi itajiendesha yenyewe, kama mota ni nzima. Na mwambie pete ya apecha ya lenzi ile aifunge kwenye 22, la sivyo kioo kitamwandikia fEE na kamera haitapiga.

Lenzi yako ya 18-140 ina mota yake ndani, kwa hivyo ikifokasi vizuri haithibitishi chochote juu ya mota ya kamera. Kama huna lenzi ya D ya kuazima, andika wazi: "mota ya mwili haijajaribiwa".

Halafu vua lenzi, mulika tochi kwenye vile vidoti vya shaba na surubu za maunti. Kamera za kwetu zinazopiga harusi za ufukweni hushika chumvi, na huanzia hapo kwa rangi ya kijani. Ikiwepo, ipige picha.

Mlandege_Picha
Ahsanteni sana. Hesabu imetoka 63,218. Surubu safi, hakuna kijani. Lenzi ya D sina. Sensa je? Nimeitazama kwa jicho sioni kitu.

Bi_Lenzi
Kwa jicho hutaona. Weka A, ISO 100, apecha f/22, fokasi ya mkono. Elekeza kwenye ukuta mweupe ulio karibu huku fokasi ukiipeleka mbali kabisa, ili ukuta uwe ukungu. Shata itakuwa ya polepole, nawe itikise kamera taratibu wakati inapiga. Mchafuko wa ukutani utafutika, wa kwenye sensa utabaki palepale. Kisha piga tena kwa f/8.

Alama haiko juu ya sensa yenyewe, iko kwenye kioo kilicho mbele yake. Apecha ikiwa wazi mwanga unakuja kwa pembe nyingi na kivuli kinatawanyika. Ikibanwa, kivuli kinakuwa kikali. Ndiyo maana mtu anayepiga harusi kwa f/4 anaweza kukaa na alama mwaka mzima asizione, na anayepiga bahari na mbingu kwa f/16 akalalamika siku ya kwanza.

Mpelekee picha zote mbili na useme kila moja ni f ngapi.

Mlandege_Picha
Zilikuwa tatu. Nimepuliza kwa pampu ya mpira, mbili zimeondoka. Imebaki moja juu kushoto, duara, katikati nyeupe kidogo. Kwa f/8 haionekani.

Fundi_Darajani
Duara yenye katikati nyeupe mara nyingi ni tone la mafuta au alama ya maji, si vumbi. Kupuliza hakuiondoi. Juu kushoto kwenye picha, ukiikabili sensa kwa mbele utaikuta chini kushoto. Inahitaji kijiti cha kusafishia sensa cha 16mm na matone mawili ya dawa yake, pitisha mara moja kwenda na upande wa pili mara moja kurudi, betri ikiwa imejaa ili kioo cha ndani kilichoinuliwa kisidondoke katikati ya kazi. Safisha kabla hujauza.

Bi_Lenzi
Hapo tunatofautiana, kaka. Kama hajawahi kupitisha kijiti, akiacha michirizi au akikwaruza ataharibu kamera ambayo sasa ina doa moja tu. Mimi ningeiuza ilivyo. Maelezo yawe hivi:

"Nikon D7200, maunti ya F, sensa ya DX. Shata 63,218, faili limeambatanishwa. Sensa: alama moja juu kushoto, inaonekana kwa f/22, haionekani kwa f/8, haikutoka kwa kupuliza. Imejaribiwa na inafanya kazi: shata kutoka sekunde 30 hadi 1/8000, kadi zote mbili, flashi ya juu, video pamoja na sauti, fokasi kwa lenzi ya 18-140. Haijajaribiwa: mota ya fokasi ya mwili, Wi-Fi."

Ila usiyaandike hayo kabla ya kuyapima. Kwa 1/8000 piga ukuta wenye mwanga wa kutosha, utazame kama kuna ukanda mweusi pembeni. Ukiwepo, pazia la shata limechoka hata kama hesabu ni ndogo. Betri nayo, ingia Battery info usome Battery age: 0 ni mpya, 4 ya kubadilishwa.

Kijana_Ngambo
Lakini ukimwandikia "haijajaribiwa" si atashusha bei?

Fundi_Darajani
Pengine atashusha. Lenzi ya D ukiipata ya kuazima hata kwa saa moja, mstari huo unaondoka. Suala la kijiti bado nasema asafishe, ila apeleke kwa mwenye mkono.

Mlandege_Picha
1/8000 haina ukanda, Battery age inasema 1. Lenzi ya D naitafuta. Kuhusu doa, nitamuuliza mnunuzi mwenyewe anapiga zaidi kwa f ngapi.