Mrejesho: krispi za muhogo zilizokuwa haziuziki

Swali langu lilikuwa: "Krispi zangu za muhogo ziko maduka 6 ya Kisauni na supamaketi moja, bei sawa na wenzangu, mbona haziuziki?"

Haya nimerudi. Ule ushauri mlionipa wa kusimama nje ya waya wa duka kama mteja ndo ulinifungua macho, pakiti zilikuwa rafu ya nyuma juu ya unga, hata mimi mwenyewe sikuziona wallahi. Nikanunua kamba na vibanio vya nguo, pakiti 12 kila kamba, nikaning'iniza pale pale mwenye duka anapopokelea pesa, sasa watoto wakitoka madrasa wanaonyesha kwa kidole tu. Ila duka moja jua la alasiri lilikuwa lazipiga, mafuta yakachacha, ikabidi nihamishe upande wa kivuli.

Supamaketi bado kazi. Nimetolewa rafu ya chini nikawekwa usawa wa macho, lakini upana wa pakiti 3 tu. Naenda Jumanne na Ijumaa, za zamani navuta mbele mpya naweka nyuma, maana kijana wa rafu alikuwa ajazia mbele tu, nyuma nikakuta 4 zimepita tarehe.