Laptopu mbili, miwani mbili: ipi itabeba VR bila kumtia mteja kizunguzungu?

Mchora_Ramani
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, nachora ramani za nyumba. Nataka mteja avae miwani atembee ndani ya nyumba yake kabla hatujamwaga zege. Natumia programu ya Twinmotion. Nimepata laptopu mbili za mtumba, bei zinakaribiana. Ya kwanza ni nyembamba, ina kadi ya picha ya RTX 3050 ya GB 4 na tundu la Thunderbolt 4. Ya pili ni nzito, ina RTX 3060 ya GB 6, HDMI, na USB-C ambayo muuzaji mwenyewe anakiri haitoi picha. Kwa miwani nachagua kati ya Quest 3S mpya na Valve Index ya mtumba yenye vituo vyake viwili vya kufuatilia mwendo, vya kufunga ukutani. Nichukue ipi na ipi?

Juma_Waya
Mkuu, chukua ya Thunderbolt. Miwani ya VR bila USB-C inayotoa picha haiwaki. Namjua mtu kanunua laptopu nzuri tu, kafika nyumbani akaambulia kioo cheusi.

FundiKadi
Juma, hilo lina ukweli kwa Index, kwa Quest hapana. Index ni kama skrini ya kuchomeka: inataka DisplayPort ya picha, ambayo kwenye laptopu hizi ingepita kwenye USB-C inayotoa picha, USB 3 ya data, na umeme wake wa ukutani. HDMI haiitaki kabisa. Quest haina hata sehemu ya kuingizia picha. Kadi inachora, inaibana picha kama video, kisha video inapita kwenye USB kama faili lingine lolote. Kwa hiyo USB-C ya ile laptopu nzito inatosha Quest hata kama haitoi picha, bora ipitishe data kwa kasi ya USB 3.

Halafu Thunderbolt peke yake isikutulize. Kwenye laptopu nyingi tundu hilo limeungwa kwenye chipu ya picha ya Intel, siyo kwenye NVIDIA. Index ukiichomeka hapo, programu yake ya SteamVR italalamika ingawa kadi ipo. Chomeka skrini ya kawaida kwenye tundu hilo, fungua NVIDIA Control Panel, nenda `Configure Surround, PhysX`. Utaona mchoro unaoonyesha skrini imekaa chini ya chipu ipi. Ikiwa chini ya Intel, sahau Index.

Zainabu_T
Samahani kuingilia. Mimi nina MacBook Air ya M2 na Quest ya kaka yangu, na M2 nayo ni kali. Kwa nini hakuna anayeitaja? Nahitaji kununua waya gani?

FundiKadi
Dada Zainabu, tatizo siyo waya. Programu ya Meta ya kuunganisha Quest na kompyuta ni ya Windows tu, na SteamVR iliacha macOS mwaka 2020. Hiyo Mac utaitumia kuonyesha skrini yake ndani ya miwani, lakini kazi ya Mchora_Ramani haitafanya.

Mchora_Ramani
Asante fundi. Tuseme nimechukua Quest 3S. Sasa 3050 na 3060 zinatofautiana kiasi gani? Kwenye skrini ya kawaida 3050 inafungua kazi zangu bila shida.

FundiKadi
Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Skrini yako ya kawaida ina nukta 1920 kwa 1080, kama milioni 2. Quest 3S ina 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, jumla milioni 7 kwa macho mawili. Na kadi huchora zaidi ya hapo, kwa sababu lenzi inapinda picha na inabidi kuwe na ziada ya kukata pembeni. Ukiweka miwani kwenye Hz 72, yaani picha 72 kwa sekunde, kila picha iwe tayari ndani ya milisekunde 14 hivi. Kwenye Hz 90 ni 11. Kwenye skrini, picha ikichelewa unaona inakwama kidogo tu. Kichwani, anayeumia ni tumbo la mteja.

Kwako wewe mchoraji, ninachokiogopa zaidi ni kumbukumbu ya kadi. Nyumba yenye samani, miti, nyasi na vioo inajaza GB 4 haraka, na ile video ya kwenda Quest nayo inataka nafasi yake. Kabla hujalipa, fungua nyumba yako nzito kuliko zote, kisha Task Manager, `Performance`, `GPU`. Kama `Dedicated GPU memory` imejaa na `Shared GPU memory` inapanda, kadi imeanza kuazima RAM ya kawaida, na mikwamo itaanza hata ushushe ubora wa vivuli.

Angalia na wati. RTX 3060 ya laptopu huwekwa na watengenezaji kuanzia wati 60 hadi 115, jina lile lile. NVIDIA Control Panel, `System Information`, mstari wa `Maximum Graphics Power`. Na ujaribu ukiwa umechomeka chaja yake halisi. Kwenye betri kadi inajibana, hutapima chochote cha kweli.

Binti_Kisauni
Mimi naongezea upande wa kufuatilia mwendo, maana hapo ndipo kazi yetu ilipokwama. Ofisini kwetu kuna kuta za vioo. Vituo vya Index vinarusha miale ya infraredi, vioo vinairudisha, na miwani inaona kama kuna kituo cha tatu. Sakafu ikawa inayumba. Tulitulia tu baada ya kufunika vioo kwa mapazia. Pia kila kituo kinataka soketi yake.

Quest inajifuatilia yenyewe kwa kamera zake, laptopu haisumbuki na hilo. Lakini inataka mwanga wa kutosha na vitu vya kushika macho chumbani. Ukuta mweupe mtupu unaichanganya. Na usiiache juani, lenzi zinakusanya miale ya jua na kuunguza skrini iliyo ndani.

Juma_Waya
Sawa, nimeelewa kuhusu tundu. Ila sasa mtajuaje kasoro inatoka wapi? Mteja akisema tu "inanichanganya", unaanza na nini?

FundiKadi
Mwulize aligeuza kichwa akaona nini. Akigeuka haraka akaona weusi unachungulia pembeni mwa picha, kadi imechelewa. Punguza ubora au rudi Hz 72. Picha ikiwa na miraba miraba na ukungu lakini inafuata kichwa vizuri, shida iko kwenye waya au mtandao. Mikono ikielea mbali na mwili wakati picha ni safi, huo ni mwanga au kamera.

Binti_Kisauni
Kwa wateja, mimi ningetumia waifai. Mtu mzima akitembea huku waya unamvuta kisogoni, hatulii.

FundiKadi
Hapo tutatofautiana, dada. Waifai inafaa kama laptopu yenyewe imeungwa kwenye ruta kwa waya wa mtandao, na ruta iko chumba hicho hicho kwenye GHz 5. Laptopu na miwani zote zikiwa hewani, zinagombania njia moja. Mimi ningeanza na waya wa mita 5.

Binti_Kisauni
Ruta yetu iko hivyo hivyo unavyosema na haijatuangusha. Waya ulikuwa unachomoka mtu akigeuka, tukauacha.

Mchora_Ramani
Basi Quest 3S, na ile nzito ndiyo naipima kwanza. Muuzaji amekubali nije na kazi yangu kwenye flashi. Swali moja tu: kwa waya, Quest itakuwa inachaji au inaisha?

FundiKadi
Kwenye tundu la kawaida la USB-A itaendelea kushuka polepole, maana tundu hilo halitoi umeme wa kutosha. USB-C huwa afadhali, lakini inategemea laptopu. Hapo dukani iache imechomeka huku nyumba yako inaonekana ndani ya miwani, na utazame asilimia ya betri mwanzo na mwisho.