Lango la maombi limezidiwa: kurifreshi, kompyuta nyingi au kusubiri?

steshenari_mwanga (Kigoma): Wakuu, tangu saa 4 asubuhi lango la maombi ya chuo linaleta `503 Service Unavailable`. Nina kompyuta tano na wazazi wamejaa hadi barazani. Kipi bora: kurifreshi mfululizo, kumfungulia mteja mmoja kompyuta zote, au kusubiri?

Babu_Ujiji: Fungua zote, mojawapo itapenya. Mjukuu wangu alipata matokeo hivyo hivyo.

fundi_seva: Shikamoo babu. Kupenya inapenya mara mojamoja, ila hasara ni kubwa. 503 maana yake seva ipo, imeelemewa. Ukirifreshi, wewe umeacha kusubiri ombi la kwanza, lakini seva mara nyingi haijui na inaendelea kulihangaikia. Ni sawa na kuagiza chai, kutoka, kisha kurudi kuagiza nyingine: jikoni wanachemsha zote. Kila sekunde 3 kwa dakika 10 ni maombi 200. Kwa kompyuta tano, 1,000, na mteja ni yule yule mmoja.

Tumia kompyuta moja. Ikigoma subiri dakika 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8. Ongeza na sekunde za kubahatisha, maana mliotupwa nje pamoja mkirudi pamoja mnaiangusha tena.

kijana_tabora: Au ahamie bando la simu. Kwangu ilikubali.

fundi_seva: Kwa 503 ulibahatisha tu, seva ni ile ile. Ukiona `429` ndipo ujue tatizo ni anwani yenu ya intaneti: kompyuta zote za duka huonekana kama mtu mmoja anayesumbua. Hapo acheni wote kwanza.

mama_wawili_Kaliua: Mimi inaniandikia `ERR_INTERNET_DISCONNECTED`. Nami nisubiri dakika 8?

fundi_seva: Hapana dada, hiyo ni simu yako haina mtandao. Angalia data kwanza.

steshenari_mwanga: Kuna mmoja tulishabonyeza "Wasilisha", ikazunguka weee, ikaleta `504`. Nibonyeze tena?

fundi_seva: Usiguse! 504 ni jibu lililochelewa, fomu yenyewe huenda imeshafika. Kivinjari kikiuliza `Confirm Form Resubmission`, kataa. Kaa robo saa, fungua lango upya, ingia kwa akaunti yake, uone kama ombi limesajiliwa na namba ya malipo imetoka. Ikiwepo, lipia hiyo hiyo. Zikiwa mbili, asilipe kabla ya kuuliza ofisi ya udahili.

kijana_tabora: Na usiku wa manane je?

fundi_seva: Mara nyingi kunakuwa na nafuu. Siku ya mwisho ya maombi siahidi kitu.

steshenari_mwanga: Namba ya malipo ipo kweli, moja tu. Ila huyu anayefuata anasema nikimweka dakika 8 anahamia duka la jirani.

Babu_Ujiji: Jirani ana kompyuta sita.