Tupeane uzoefu: daftari la pumzi la mtoto mwenye pumu, na wakati wa kuita mashua

Mama wa Siyu

Assalamu alaikum, wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka tisa na ana pumu. Hospitalini Amu tulipewa kipima-pumzi, daftari, na karatasi ya mpango yenye rangi tatu. Nambari yake bora ni 250, nayo ilipatikana baada ya wiki mbili za kupuliza asubuhi na jioni wakati kifua chake kimetulia. Kwa hiyo karatasi yake inasema kwamba kuanzia 200 kwenda juu ni kijani, kati ya 125 na 200 ni manjano, na chini ya 125 ni nyekundu. Akiwa kwenye manjano apewe mipulizo minne ya pampu ya buluu kwa spesa, ile chupa ya kuvutia dawa, apimwe tena baada ya dakika 20, na asipopata nafuu apelekwe hospitali.

Ugumu wangu uko katika maneno hayo ya mwisho. Mtu wa Langoni akiambiwa apeleke mtoto hospitali huvaa viatu akatoka, lakini mimi nangoja maji yajae ndipo mashua itoke Siyu, na hata ikitoka bado kuna mkondo wa bahari wa Mkanda, ambao maji yakiwa yamekupwa haupitiki.

Mwezi uliopita alishikwa na mafua. Jumatatu daftari lilisoma 240 asubuhi na 245 jioni. Jumatano ilikuwa 225 na 240. Alhamisi asubuhi alipuliza 205, jioni 235. Ijumaa asubuhi akapuliza 190. Nilimpa mipulizo minne, na baada ya dakika 20 akafika 225, akaenda kucheza. Adhuhuri ilipoingia alikuwa amerudi 185. Maji yalikuwa yamejaa na yangeanza kukupwa punde, nami nikaamua tuondoke ingawa mtoto alikuwa akizungumza vizuri na watu wa nyumbani wakiniambia naongeza chumvi. Hospitalini alivutishwa dawa kwa nebulaiza, akaanzishiwa vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe, akalazwa usiku mmoja.

Ninachouliza ni hiki: ninyi mnaokaa mbali na hospitali, mnaamua kwa nambari ipi kwamba sasa ni safari?

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Waalaikumu salaam, mwanangu. Hukuongeza chumvi. Ulisoma daftari kama linavyotakiwa kusomwa, na ningependa wengine waone ulichokiona.

Nambari ya Ijumaa ndiyo iliyobadilisha rangi, lakini habari yenyewe ilianza Alhamisi, siku ambayo bado ilikuwa ya kijani. Asubuhi 205, jioni 235: hilo ni pengo la 30, ilhali Jumatatu pengo lilikuwa 5. Njia za hewa zilizovimba hubana zaidi alfajiri na kufunguka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo asubuhi zinaposhuka siku baada ya siku huku jioni zikionekana nzuri, kifua kinaharibika hata kama mtoto anakimbia. Siku kama hiyo ndiyo ya kuhakikisha kwamba pampu ya kila siku ya kuzuia haijarukwa, kwamba ya buluu ina dawa ndani, na kuuliza nahodha atatoka saa ngapi.

Jambo la pili ni muda ambao nafuu ilidumu. Watu wengi hutazama tu kama nambari imepanda baada ya dakika 20. Yako ilipanda hadi kijani, lakini haikukaa. Dawa ya buluu hulegeza misuli inayozunguka njia za hewa kwa saa nne hivi, wala haiondoi uvimbe. Mtoto anayerudi kwenye manjano kabla ya saa nne kwisha ana uvimbe ambao pampu ya buluu haitauweza, na huyo anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu nambari ya safari, mwombe daktari aiandike kwenye karatasi. Mistari yako ya 200 na 125, yaani asilimia 80 na 50 ya nambari yake bora, ni ya kuanzia tu. Daktari anaweza kumwandikia mtoto wa kisiwani mstari wa katikati, tuseme 175, ambayo ni asilimia 70 ya 250, kwamba akisoma chini ya hapo baada ya dawa, mashua iitwe bila kungoja nyekundu. Nyekundu ikifika wakati maji yamekupwa, mpango wote unaanguka.

Baba wa Kizingitini

Shukrani, Bi Muuguzi. Mimi binti yangu ana miaka kumi na mmoja, na sisi hupima mara tatu kisha tunachukua wastani, ili tusidanganywe na pumzi moja iliyotoka vizuri kwa bahati. Nambari yake bora tuliitoa kwenye chati iliyokuja ndani ya boksi, inayofuata urefu. Na katika uzoefu wangu akirudi kijani baada ya pampu, mambo yamekwisha. Hakuna haja ya kupima tena mpaka kesho yake. Jambo ambalo naona Mama wa Siyu hakulitaja ni kwamba lazima mtoto apulize akiwa amesimama na apulize kabla ya dawa, vinginevyo asubuhi na jioni hazilinganishiki.

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Hilo la kusimama na la kupima kabla ya dawa umelisema sawasawa, Bwana. Ila wastani uache. Kifaa hiki hupima pumzi ya nguvu kuliko zote ambayo mtoto anaweza kuitoa, kwa hiyo huandikwa ile kubwa kati ya tatu. Pumzi dhaifu aliyoitoa kwa uvivu ikiingizwa kwenye wastani, mtamweka kwenye manjano bila sababu. Mnachopaswa kuogopa ni pumzi ya kukohoa au ya kutema kama atemaye mate, kwa sababu hiyo husukuma mshale juu kuliko haki yake. Mkiona 230, 235, halafu 310, hiyo 310 msiiandike, arudie.

Chati ya boksi ni ya watoto kwa jumla. Wapo ambao bora yao iko juu ya chati kwa mbali, na mtoto wa namna hiyo mnaweza kumwona yuko kijani kwa mujibu wa boksi ilhali kwa kifua chake mwenyewe ameshuka. Na hilo la kungoja mpaka kesho, umelisoma hapo juu: mtoto wa Siyu alikuwa 225 asubuhi na 185 adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Aliyeingia manjano apimwe tena kila saa chache mpaka jua lituwe, na kabla ya kulala.

Mama kijana wa Shela

Samahani, mimi wangu ana miaka mitatu na hutumia kile kipimo cha kubana kidoleni. Juzi alikuwa akikoroma kifuani na kipimo kilisoma 97. Je, 97 ni kijani? Maana hapa mnazungumza 200 na 250 nami nimeingiwa na hofu.

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Usihofu, mwanangu, ni vipimo viwili tofauti. Hicho cha kidole kinasoma hewa safi iliyomo katika damu, na nambari yake hubaki nzuri kwa muda mrefu huku mtoto akitumia nguvu zake zote kuvuta hewa. Inaposhuka, hali tayari imekuwa mbaya. Kwa hiyo 97 isikutulize ikiwa mbavu zinaingia ndani. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kupuliza kwa namna ya kutegemewa; wengi huanza kuweza wakiwa na miaka mitano au sita. Wako anahitaji karatasi ya mpango inayofuata dalili: anakohoa usiku, ameacha kucheza, ngozi ya kati ya mbavu inabonyea, anashindwa kula au kulia kwa sauti.

Hata wenye kipima-pumzi wasiisahau sheria hii. Nambari ikisema kijani na mtoto hawezi kumaliza sentensi, fuata mtoto. Ulimi na midomo ikigeuka rangi ya samawati, au mlio wa kifua ukinyamaza ghafla huku anahangaika, hapo msipoteze muda kupima. Mpeni pampu kama ilivyoandikwa kwenye nyekundu, na safari ianze wakati mnaendelea kumpa.

Mwalimu, Mpeketoni

Mimi nina mwanafunzi wa bweni ambaye alikabidhiwa daftari alijaze mwenyewe. Nilipolikagua nilikuta 240 asubuhi na 240 jioni kwa wiki nzima, kalamu ile ile, mwandiko ule ule ulionyooka, na hata Jumapili ijayo ilikuwa imekwisha kujazwa. Pumzi ya binadamu haikai namna hiyo. Sasa anapuliza mbele ya matroni, na matroni ndiye anayeandika.

Matroni aligundua jambo jingine: kijana alikuwa harudishi mshale kwenye sifuri kabla ya pumzi inayofuata. Akipuliza chini ya pale uliposimama mshale haurudi nyuma, kwa hiyo pumzi dhaifu ya pili inasomeka kama ya kwanza. Pia alikuwa akiingiza ulimi kwenye tundu la mdomo, na hapo nambari ilishuka kwa 40 bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana tunaposhangazwa na nambari humwambia kwanza apulize upya tukimtazama.

Bi wa Langoni

Kwangu kilichosaidia ni kuandika pembeni ya nambari kilichotokea siku hiyo. Niliona wazi kwamba kila baada ya arusi nambari ya mwanangu ya asubuhi ilishuka, na mimi nikidhani ni uchovu wa kukesha, kumbe ni udi na ubani wa chumba kilichofungwa. Siku hizi chetezo hakiingii anapolala.

Ila nina swali kwa Bi Muuguzi. Daktari wetu alisema mtoto akitulia tusipime kila siku, tupime anapopata mafua na tunapoingia msimu wa kusi tu, kwa sababu watoto huchoka wakaanza kudanganya, kama alivyosema Mwalimu. Wengine hapa wanapima mwaka mzima. Nani yuko sahihi?

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Madaktari wenyewe hawako pamoja katika hilo, Bi. Wapo wanaosema kwa watoto mpango wa dalili unatosha. Mimi, mtoto ambaye hushuka kimya kimya bila kukohoa ningempima kila siku, kwa sababu yeye mwenyewe hatambui kwamba amebanwa. Wako akiwa husema mapema, daktari wako ana hoja.

Mama wa Siyu

Ahsanteni nyote. Jana tulikuwa kliniki na nimeomba mstari wa katikati. Daktari ameandika 175 kwa mkono wake, na chini yake: "au akirudi manjano kabla ya saa nne kwisha tangu apewe dawa, tazama maji". Ameniomba nimpulizie mtoto mbele yake, akaona nafyatua mipulizo miwili pamoja ndani ya spesa. Amesema dawa nyingi hugandia ukutani namna hiyo. Ni kutikisa, mpulizo mmoja, avute na kutoa mara tano, kisha kutikisa tena kwa ule unaofuata.

Nilipoomba vidonge vya prednisoloni vya kuweka nyumbani alikataa, akisema anataka kumwona mtoto kwanza.

Baba wa Kizingitini

Ajabu, dada. Daktari wetu alitupa, vimeandikwa kwenye karatasi kwamba tuanze vya siku ya kwanza tukiwa tunangoja mashua na tupige simu hospitali papo hapo. Rudi umwambie unakaa Siyu na kwamba usiku hakuna chombo.

Mama wa Siyu

Anajua nakaa Siyu, kaka. Anasema aliwahi kuona wazazi waliotoa vidonge kila mafua yakiingia. Tutalizungumza tena kliniki ijayo, kabla ya kusi kuanza, na atapima urefu wake na kutafuta nambari bora mpya, kwa sababu hii ya 250 ni ya mwaka jana na mtoto amerefuka.

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Nenda na kipima-pumzi kile kile, mwanangu. Vya kampuni tofauti havisomi sawa, na akipulizia cha kliniki nambari itakayoandikwa haitakuwa ya kile mlicho nacho nyumbani.