Unga wa keki: ninunue mfuko maalumu au nichanganye ngano ya kawaida na konflawa?

Mwokaji_Mpya
Habari za jioni wadau. Jumamosi namwokea binti yangu keki ya tabaka tatu na kesho lazima niamue mambo ya unga. Nimeuona unga maalumu wa keki, ila unauzwa kwa mfuko mkubwa tu. Nyumbani nina ngano ya kawaida. Rafiki yangu anasema niitie konflawa kidogo, eti nitapata kitu kilekile. Ni kweli? Na nikinunua huo maalumu, utakaobaki naweza kuuokea mkate?

Kisu_na_Mizani
Mkuu, mbona umetunyima habari zenyewe? Hiyo ngano yako ina protini kiasi gani? Angalia jedwali la lishe nyuma ya pakiti. Keki ni ya siagi au ya mayai ya kupiga povu? Mizani unayo? Pakiti mbili zote zinaweza kuandikwa "ngano ya kawaida", moja ikawa na protini asilimia 9 na nyingine 12. Hiyo ya 9 haihitaji konflawa hata chembe. Bila namba tutakuwa tunapiga ramli.

Mama_Pacha
Mimi naoka kwa unga mmoja tu, keki na mkate, na watu wanakula wanamaliza. Shida ya wengi ni mkono. Ukishatia unga kwenye siagi na mayai, koroga mpaka weupe wa unga upotee, basi, acha. Ukiendelea kukoroga unakuwa unakanda mkate. Usitumie pesa kwa mfuko usiouhitaji mwanangu.

Hamira_Kwanza
Kanuni ni rahisi jamani. Protini nyingi ni mkate, protini kidogo ni keki. Konflawa inaua gluteni, ule wavu wa protini ya ngano unaovutika, ndiyo maana keki inalainika. Na mkate, kadiri protini inavyopanda ndivyo mkate unavyozidi kuwa mzuri, haina mjadala.

Kisu_na_Mizani
Hamira, nusu ya maneno yako nayakubali. Konflawa haiui chochote. Yenyewe ni wanga mtupu, karibu haina protini kabisa, kwa hiyo inachofanya ni kuchukua nafasi ya sehemu ya ngano. Ngano ikipungua, protini ya mchanganyiko mzima inapungua. Ile iliyobaki ina nguvu zake zilezile, na ukiikoroga kupita kiasi itavutika vilevile. Hapo Mama Pacha yuko sawa.

Na kuhusu mkate, chukua ngano isiyokobolewa. Kwenye lebo protini yake inaweza kuwa juu kuliko ya ngano nyeupe, lakini mkate wake unatoka mzito. Sehemu ya protini hiyo iko kwenye pumba na kiini, nayo haijengi gluteni, tena vipande vya pumba vinakatakata wavu unaojengeka. Kwa hiyo namba ya lebo inasaidia unapolinganisha ngano nyeupe na nyeupe.

Mwokaji_Mpya
Samahani, nimechelewa kurudi. Pakiti inasema protini gramu 3.5 kwa sehemu ya gramu 30. Basi ni asilimia 3.5, iko chini sana, si ndiyo? Keki ni ya siagi: unga gramu 300, sukari 300, siagi 200, mayai 4, maziwa kikombe kimoja, na bekingi pauda. Mizani ninayo, ya jikoni.

Kisu_na_Mizani
Hapana mkuu. Hizo 3.5 ziko ndani ya gramu 30. Gawa 3.5 kwa 30, zidisha kwa 100, unapata kama 11.7. Huo unafaa mkate wa kila siku bila taabu, ila kwa keki laini ya tabaka uko juu kidogo. Unga wa keki huwa kati ya asilimia 7 na 9, na wa mkate 12 hadi 14. Pia kumbuka lebo za sehemu ndogo hukadiria namba. Pakiti inayosema gramu 3 kwa 30 inaweza kuwa na zaidi ya asilimia 8 tu, au ikakaribia 11 na nusu. Ukipata lebo inayoandika kwa gramu 100, iamini hiyo zaidi.

Sasa hesabu ya keki yako. Watu husema katika kila kikombe cha unga toa vijiko viwili vya chakula, weka viwili vya konflawa. Kwa uzito inakaribia asilimia 13 hadi 15. Chukua 15: katika gramu 300, ngano ni 255 na konflawa 45. Protini inashuka kutoka 11.7 hadi karibu 9.9. Unaona? Bado hujafika kwenye unga wa keki, umesogea tu. Kwa keki ya siagi yenye sukari nyingi kama hiyo inatosha, maana siagi inazipaka chembe za unga zisinywe maji haraka, na sukari nayo inagombea maji hayohayo. Gluteni bila maji haijengeki.

Zulia_Jekundu
Hapo kwenye "inatosha" naomba mtu asije akaona bora aongeze. Mimi niliongeza, nikajuta. Nilipiga hesabu kama hiyo, nikaona ngano yangu ina 12, nikataka kufika 8. Nikatia konflawa theluthi nzima. Keki ilikuwa ya watu wengi, tabaka nne. Zilipotoka kwenye oveni nilifurahi sana: juu bapa, rangi nzuri, na ukibonyeza kwa kidole inarudi.

Kesho yake nikaweka tabaka la kwanza, nikapaka krimu, nikainua la pili kwa mikono miwili. Likakatika katikati hewani, pande mbili zikabaki mikononi na chembe zimejaa mezani. Nikaliunga kwa krimu. La tatu likamong'onyoka pembeni. Nikasema pengine ni ukavu, nikanyunyizia maji ya sukari, juu likawa uji na chini bado vumbi. Nilipoonja kipande, kinywani kulikuwa na kitu kama chaki, kimegandia kwenye kaakaa. Wageni walikula kwa kijiko. Nilirudia keki ileile kwa ngano 85 na konflawa 15, tabaka zikabebeka vizuri. Keki ya kupangwa inahitaji gluteni kidogo ya kuishikilia.

Kisu_na_Mizani
Ahsante Zulia, umesema jambo zito. Kwenye mkate wavu wa gluteni ndio unaobeba kila kitu, maana hamira inatoa hewa polepole kwa saa kadhaa na lazima pawe na kitu cha kuizuia isitoroke. Kwenye keki, mayai yaliyoiva na wanga uliovimba kwa joto ndivyo vinavyoshika umbo, gluteni ni msaidizi. Ila msaidizi ukimfukuza kabisa, hayo ndiyo matokeo. Mimi sipiti asilimia 20 ya konflawa.

Jiko_la_Chini
Mie nilifanya huu mchanganyiko wiki iliyopita, vijiko viwili kila kikombe kama mlivyosema, keki ikatoka na mchangamchanga mdomoni na rangi ya njano. Hii mbinu ni uongo.

Mama_Pacha
Mwanangu, ulitumia nini? Konflawa ni nyeupe pee, ukiibinya kwa vidole inalia kwicha kwicha, na ukiitia maji ya baridi inakuwa kama maziwa. Ya njano yenye chembechembe ni unga wa mahindi yaliyosagwa.

Jiko_la_Chini
Pakiti imeandikwa unga wa mahindi. Kumbe si kitu kimoja?

Kisu_na_Mizani
Si kitu kimoja. Konflawa ni wanga peke yake, uliotenganishwa na sehemu nyingine za punje. Uliotumia ni punje iliyosagwa, na chembe zake haziivi zikalainika ndani ya muda mfupi wa keki. Rudia kwa wanga.

Hamira_Kwanza
Sawa, ya pumba nimekuelewa. Lakini vijiko na vikombe ndivyo vinavyoharibu hizi hesabu zote. Kikombe cha unga uliochekechwa na kikombe cha unga ulioshindiliwa vinaweza kupishana gramu 30 au zaidi. Mtu anabishana kuhusu asilimia moja ya protini huku amezidisha unga wenyewe kwa robo!

Mama_Pacha
Mama zetu hawakuwa na mizani na keki walioka. Kikombe kilekile, mkono uleule, miaka yote.

Hamira_Kwanza
Kikombe chako mama, sawa. Anayesoma hapa hana kikombe chako.

Zulia_Jekundu
Tusimpoteze aliyeuliza. Mwokaji, ukishapima, chekecha ngano na konflawa pamoja mara tatu. Usimimine konflawa juu ya rojo, itabaki madoa meupe ambayo hayachanganyiki tena.

Mwokaji_Mpya
Nashukuru sana. Jana nimejaribu nusu ya kipimo. Imepanda katikati kama kilima na ikapasuka juu. Nilipokata nikaona vitundu virefu vyembamba vinapanda kuelekea juu. Konflawa niliweka asilimia 15 na nilichekecha. Tatizo ni unga bado?

Kisu_na_Mizani
Vitundu virefu mara nyingi ni alama ya kukoroga sana baada ya unga kuingia. Kilima kinaweza pia kutokana na oveni yenye moto mkali: kingo zinaganda mapema, katikati inaendelea kupanda. Ulitumia mashine? Dakika ngapi?

Mwokaji_Mpya
Mashine, kama dakika nne baada ya unga na maziwa. Niliona bado ina mabonge.

Mama_Pacha
Dakika nne! Ndiyo nilichosema tangu mwanzo.

Kisu_na_Mizani
Kuna njia inayokupa nafasi ya kukosea. Weka unga, sukari na bekingi pauda kwenye bakuli, tia siagi laini, changanya mpaka iwe kama makombo ya mkate. Ndipo uongeze maziwa na mayai kidogokidogo. Unga unakuwa umeshapakwa mafuta kabla haujakutana na maji. Punguza moto kidogo pia. Jaribu tena nusu kipimo kabla ya Jumamosi.

Hamira_Kwanza
Na swali lake la mkate? Nasema unga wa keki kwa mkate unawezekana, tia hamira zaidi.

Kisu_na_Mizani
Hamira zaidi itatengeneza hewa zaidi, na wavu wa kuizuia hamna. Gramu 500 za unga wenye nguvu ninazikanda na mililita 325 za maji na ninapata donge linaloshikika. Maji hayohayo kwenye unga wa keki yanatoa kitu kinachonata hadi viwiko. Ukipunguza maji utalishika donge, ila vuta kipande kidogo kwa vidole: kinachanika kabla hakijawa chembamba. Mkate unatanuka pembeni badala ya kupanda. Mkuu, hiyo 11.7 uliyonayo iache iwe ya mkate.

Zulia_Jekundu
Mimi bado ningenunua mfuko maalumu kama anaoka mara kwa mara. Wanga hauwezi kuiga kila kitu. Unga wa keki husagwa laini zaidi kutoka ngano laini, na katika baadhi ya nchi hutiwa klorini, ndiyo maana unabeba sukari na maziwa mengi bila keki kubonyea katikati. Kwa mapishi ambayo sukari inazidi unga, mchanganyiko wa nyumbani umeniangusha mara mbili.

Mwokaji_Mpya
Yangu sukari na unga ni sawa kwa sawa. Leo usiku najaribu njia ya siagi kwanza. Mfuko bado sijaamua.

Jiko_la_Chini
Nimepata wanga wa viazi, si wa mahindi. Unafaa badala yake?