Natafuta nyumba Nakuru nikiwa Mombasa: nichunguze nini kabla ya kulipa amana?

BintiBamburi
Hamjambo wanajukwaa. Nimehamishiwa kazi Nakuru kuanzia mwezi ujao, karibu na hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, na kwa kuwa sina likizo iliyobaki siwezi kwenda kutazama nyumba mwenyewe. Nitahama na mama yangu pamoja na mwanangu wa miaka 3. Ajenti amenitumia nyumba mbili zenye kodi inayolingana: moja iko Mwariki, upande wa ziwa, na nyingine iko Kiamunyi, kando ya barabara ya Kabarak.

Nimekaa na ramani wiki nzima. Picha za barabarani za Mwariki zinaonyesha njia kavu na nyumba nadhifu, na ramani inasema kutoka Kiamunyi hadi kazini ni dakika 18. Kuhusu maji, ajenti anasema yapo saa 24 katika nyumba zote mbili. Wakati mmoja nililipa amana kwa kuamini maneno kama hayo, nikafika na kukuta bomba lililokauka, ndiyo maana nauliza: kati ya haya niliyoyaona, ni yapi ninayoweza kuyategemea, na nimpigie nani simu?

MpimaArdhi
Karibu Nakuru, dada. Nimefanya kazi ya upimaji hapa kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na hizo picha. Kabla ya kuamini barabara kavu, soma maneno "Image capture" kwenye picha yenyewe, kwa sababu yanafuatwa na mwezi na mwaka ilipopigwa. Picha iliyopigwa wakati wa kiangazi haiwezi kukuonyesha maji ya Aprili, na picha ya miaka kadhaa iliyopita haijui kilichotokea baadaye. Ziwa Nakuru limekuwa likipanuka tangu mwaka 2010 hivi, hata lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa na maji, na kuna familia za upande wa Mwariki zilizolazimika kuhama.

Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ubonyeze alama ya saa, kisha uulete ukingo wa ziwa wa mwaka 2010 na ule wa miaka ya karibuni, mmoja baada ya mwingine, huku alama ya nyumba yako ikiwa palepale. Hapo utaona mwenyewe maji yamesogea kiasi gani kuelekea kwako. Ukiweka kishale juu ya nyumba, chini ya skrini utasoma pia kimo cha ardhi, ukilinganishe na kimo cha ukingo. Lakini vimo hivyo vinaweza kukosea kwa mita kadhaa: nyumba iliyo juu ya ziwa kwa mita 30 haina neno, ila tofauti ya mita 2 au 3 haikuambii lolote, na hapo ni lazima umuulize mtu.

Zile dakika 18 nazo ni za gari dogo, na pengine uliziangalia usiku. Weka muda wa kuondoka uwe Jumatatu saa moja asubuhi uone zitakavyobadilika. Hata hivyo, ramani haihesabu muda ambao matatu hukaa stejini ikisubiri kujaa.

Mzee_wa_Shamba
Binti, usitume hata shilingi kabla ya kupekua hati ya kiwanja katika ofisi ya ardhi, na umwombe chifu akuonyeshe mipaka. Mimi niliuziwa ploti ambayo nusu yake ilikuwa barabara.

BintiBamburi
Asante, mzee wangu, na pole kwa yaliyokupata. Mimi ninapanga tu, sinunui.

Mkazi_wa_Lanet
Kama ni hofu ya ziwa, chagua Kiamunyi na uache kujisumbua, maana kule ni juu. Maji nayo utayajua kutoka angani: ukiona kila paa lina tangi jeusi, na picha za barabarani zina mikokoteni ya mitungi, basi bomba la hapo haliaminiki. Wengine watakutisha kuhusu maji ya boholi, lakini ukiyachemsha hayana shida yoyote.

MamaWawili_Kiamunyi
Ndugu yangu wa Lanet amesema kweli kuhusu mitungi, lakini kwa matangi amepitiliza kidogo, kwa kuwa huku hata mwenye maji ya bomba kila siku huweka tangi. Kuhusu kuchemsha naomba nimpinge waziwazi, kwa sababu mtoto wa dada huyu ana miaka 3. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi, madini ya maji ya ardhini ambayo yakizidi hutia meno madoa, haiondoki. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani na ukali wake huzidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa hupita hapo.

Sisi tulihamia hapa mwanangu wa kwanza akiwa na miaka 2, tukanywa maji ya boholi ya ploti bila kuuliza. Meno yake ya utotoni hayakuonyesha kitu, ila ya kudumu yaliota na madoa ya kahawia, kwa kuwa meno hayo hutengenezwa ndani ya ufizi katika miaka hiyo ya mwanzo. Mdogo wake tumemlea kwa maji ya mvua na ya chujio la mkaa wa mifupa, ambalo hupunguza floraidi mradi mkaa ubadilishwe unapochoka.

Jambo hili halionekani katika picha yoyote, kwa hiyo piga simu. Usimuulize msimamizi wa nyumba kama maji yapo, kwa sababu atasema yapo. Tafuta kwenye ramani duka, kinyozi au zahanati iliyo umbali wa nyumba chache na yenye namba ya simu, ujitambulishe vizuri, kisha uulize mambo yenye siku na bei: bomba lilitoa maji mara ya mwisho siku gani, mtungi wa lita 20 unauzwa pesa ngapi, na watoto waliozaliwa mtaani hapo wana meno ya rangi gani. Usiulize meno ya watu wazima, kwani wengi wamekulia kwingine.

MpimaArdhi
Nakubaliana naye. Niongeze tu kwamba ploti mbili zilizopakana zinaweza kuwa na maji tofauti, moja ya kampuni na nyingine ya boholi, kwa hiyo jibu la jirani haliwi jibu la nyumba yako. Mwombe ajenti picha ya bili ya maji ya mwezi uliopita, yenye namba ya mita.

Mkazi_wa_Lanet
Kwa habari ya floraidi nimefunzwa. Lakini bado nasema alale nyumba ya wageni wiki moja, aone kwa macho yake kabla ya kulipa.

BintiBamburi
Nimerudi na niliyoyapata. Picha ya Mwariki ilipigwa mwaka 2018, na kwenye picha za angani ukingo wa ziwa umesogea sana kuelekea mtaa huo. Tofauti ya kimo ilikuwa mita 4, kwa hiyo nyumba hiyo nimeiacha. Kwa Kiamunyi, safari ya Jumatatu asubuhi imekuwa dakika 25 hadi 40 kwenye ramani, bila kuhesabu steji.

Nimepiga simu tatu. Mwenye duka alisema bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki, kinyozi akasema tatu, na dada wa zahanati akaniambia kwamba ploti hiyo huchanganya maji ya bomba na ya boholi katika tangi moja. Ajenti ameahidi bili tangu juzi na hajaituma. Wiki moja ya nyumba ya wageni nikiwa na mama na mtoto ni gharama kubwa kwangu, lakini sijalipa amana. MamaWawili, nikimtuma mtu achote chupa ya maji kutoka tangi lile, hapo mjini ni wapi wanapopima floraidi, na je, achote siku ya bomba au siku ambayo bomba halitoi?