Tupeane uzoefu: mtoto wa sekondari ameanza kukwepa chakula, mlianzaje kuongea naye?

Mama_Soweto (Moshi)
Habari za jioni wapendwa. Naomba waliopitia hili waniambie walianzaje, maana nataka kuongea na binti yangu kabla hajarudi bweni.

Ana miaka 15, anaingia kidato cha tatu. Alipofunga shule tulidhani ni uchovu wa mitihani. Jikoni akawa anaingia mwenyewe, tena kwa bidii: pilau, machalari, sambusa za wageni waliopanda kutoka Dar kwa Krismasi. Ila yeye hali. Ukimuuliza, ameshiba harufu ya jikoni, au amekula kwa bibi yake. Ukimuuliza bibi, anasema mtoto alimwambia ameshakula nyumbani. Ndipo nikaanza kumwangalia mezani. Chapati anaichana vipande vidogo kama kucha, anavisogeza kwenye mchuzi, anavitawanya pembeni ya sahani. Sote tukimaliza, chapati yake bado yote ipo, ila kwa jinsi ilivyotapakaa unaweza kudhani imeliwa.

Ilianza polepole. Kwanza aliacha vya kukaanga, akasema ni chunusi. Baadaye akaacha wali, kisha ugali, na kila alichokiacha alikuwa na sababu inayoeleweka. Jua la Moshi la Januari mnalijua, yeye yuko ndani ya sweta na analalamika baridi. Nywele zinabaki kwenye kitana. Usiku namsikia anaruka kamba chumbani.

Hospitali tulishaenda, wakapima malaria, choo, sukari na kifua, hawakuona kitu. Nataka kujua jambo moja tu: sentensi yenu ya kwanza ilikuwa ipi, mlikuwa mmekaa wapi, na mtoto alijibu nini?

Mzee_wa_Kiboriloni
Pole mama. Hizo ni simu. Wangu alipoanza hayo nilichukua simu, nikakaa naye mezani mpaka sahani ikaisha. Alilia, lakini alikula. Mtoto haachiwi kuamua mambo ya chakula. Mpe mtori wa nyama asubuhi, jioni kisusio, sahani ijae, na usiondoke hapo.

Baba_Junior_Usa
Hata wangu mboga hataki kabisa, anatema. Ana miaka minne. Na mimi nianze kumhoji?

Nesi_Njiro
Baba Junior, wa miaka minne anayetema mchicha lakini anacheza na kukua vizuri ni habari nyingine, hahusiki na uzi huu. Endelea kumwekea kidogo kidogo bila vita.

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kukaa naye mezani hujakosea. Kwa mtoto anayeishi na wazazi, tiba inayotegemewa zaidi huanza hapo hapo: wazazi wanaamua kinapikwa nini na kinapakuliwa kiasi gani, wanakaa naye mpaka amalize, na wanakuwa wapole huku hawalegezi. Ila sahani iliyojaa ghafla inanitia hofu. Mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula, ukimjaza chakula kingi kwa mara moja, chumvi fulani za damu zinashuka haraka na moyo unaweza kuyumba. Huyo anaanza kidogo, na damu yake inapimwa wakati anapandishwa. Na simu inaweza kuchochea, lakini ukiinyang'anya ugonjwa hauondoki nayo.

Mama Soweto, kabla ya maneno fanya hili leo. Akiwa ametulia, macho wazi, shika kifundo cha mkono wake uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, au akizimia, au akiona giza kila anaposimama, au akikataa hata maji, usisubiri mazungumzo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Muulize pia kuhusu siku zake. Mwaka wa kwanza na wa pili baada ya kuvunja ungo huwa zinarukaruka, lakini zikishatulia halafu zikakatika miezi mitatu, mwambie daktari.

Wengine naomba tusitaje kilo za mtu humu. Watoto wenye shida hii wanasoma, na namba ya mwenzake inakuwa shabaha yake.

Binti_wa_Sakina
Mimi nilikuwa huyo mtoto, sasa nina miaka 26. Kwangu hakuna aliyestuka kwa sababu sikukonda. Nilikuwa nakula na wenzangu, tena sana, kisha naenda bafuni na kufungulia bomba. Walioniona walidhani nina matubwitubwi, mashavu yalivimba huku chini ya masikio. Chai ya moto ilikuwa inanichoma meno. Kwa hiyo wazazi msisubiri mifupa, mtoto anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa na anaumwa.

Wa kwanza kuongea alikuwa mjomba, mbele ya ukoo mzima, siku ya Krismasi: "Huyu naye amejaa, mpunguzieni nyama." Walicheka. Baada ya hapo nilificha zaidi.

Aliyenifikia ni mama mdogo. Tulikuwa tunachambua mchele uani, wawili tu, kila mtu macho kwenye ungo wake. Akasema: "Nimekusikia bafuni baada ya chakula cha usiku, zaidi ya mara moja. Sijaja kukugombeza. Nina wasiwasi na wewe." Nikasema ni tumbo. Hakubishana. Akasema: "Sawa. Leo usiponiambia si neno, ila nitauliza tena." Na kweli aliuliza tena. Nilimwambia siku ile ya pili. Sijui kama ningesema bila ile ya kwanza.

Mama_Soweto
Asante mdogo wangu, umenifungua macho. Nilikuwa nimepanga kumwambia "mwanangu umekonda mno, unanitisha."

Nesi_Njiro
Hiyo iache kabisa. Huku kwetu salamu zote ni mwili: umekonda, umenawiri, umejaa, kwenu kuna neema. Kwa mtoto huyu, "umekonda" ni cheti kwamba anafaulu. Atanuna mbele yako, na moyoni atafurahi na kuongeza bidii. Na siku akianza kupona, shangazi akimwambia kwa upendo wote "sasa umenawiri", yeye atasikia "umenenepa", na kesho hali. Waambie bibi na mashangazi mapema: mwili wa mtoto usitajwe, wala kwa sifa. Wamsalimie kwa habari za shule, za mbwa, za chochote.

Sema ulichokiona kwa macho na usichoweza kukataliwa: sweta, nywele, chapati, kamba usiku. Vitatu vinatosha, ukileta orodha ndefu atajiona alikuwa anapelelezwa. Kisha sema hisia yako, kisha nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo wazazi wengi panawashinda. Usiongelee mezani wala karibu na saa ya chakula. Usianze na "kwa nini huli", mara nyingi hata yeye hajui. Na akikuomba iwe siri, usiahidi. Sema utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia, na kwamba atajua ni kina nani.

Kocha_Kijenge
Naongezea wavulana maana wanasahaulika. Nafundisha riadha Arusha. Nilikuwa na kijana wa miaka 17, akaanza kukimbia asubuhi kabla ya mazoezi na jioni baada ya mazoezi. Mvua, homa, yuko barabarani. Nikimpumzisha anakuwa mkali kabisa, halafu anajificha kukimbia. Ugali aliacha, akabaki na mayai yaliyotolewa kiini. Wenzake walimsifu ana nidhamu, na muda wake ulikuwa unashuka kweli. Miezi michache baadaye muda ukaanza kupanda na akaumia mfupa wa mguu, ufa wa uchovu.

Nilimwambia tu: "Naona hata siku ya kupumzika huwezi kukaa. Ukikaa kunatokea nini kichwani?" Akajibu: "Kocha, nasikia naoza." Hapo nikajua si suala la mbio.

Ila nesi, wakimbiaji wetu wengi mapigo yako chini na ni wazima. Hiyo 50 isitutie hofu bure.

Nesi_Njiro
Ni kweli kocha, mkimbiaji anayekula vizuri anaweza kuwa na mapigo ya chini na akawa mzima. Lakini kwa anayepunguza chakula huwezi kujua kwa kidole kama ni moyo wenye nguvu au moyo unaobana matumizi. Huyo apimwe umeme wa moyo na chumvi za damu, hasa potasiamu kama anatapika. Nabaki na msimamo wangu.

Mzee_wa_Kiboriloni
Nimewasikia. Hiyo ya kumjaza ghafla sikuijua. Lakini bado nasema simu nayo ichunguzwe.

Mama_Soweto
Nimerudi kuwapa mrejesho. Mapigo nilihesabu, 58, na hazimii. Tuliongea jana alasiri, nikimsuka nywele barazani. Nilichagua kusuka kwa sababu hatutazamani usoni na hawezi kuondoka na nusu kichwa. Baba yake nilimwomba awapeleke wadogo zake sokoni.

Nikasema: "Mama, nimeona nywele zinatoka nyingi kwenye kitana. Nimeona unasikia baridi na jua hili. Na usiku nakusikia unaruka kamba. Nina wasiwasi na wewe." Nikanyamaza, mkono unaendelea kusuka.

Akasema: "Mama mimi niko sawa, mnapenda kukuza mambo." Kisha kimya tena, karibu mistari miwili ya nywele. Nikasema tu, "Inawezekana uko sawa. Mimi bado nina wasiwasi." Akaanza kulia. Akasema bwenini kuna kikundi, walianza wakati wa Kwaresima kwa kufunga, Kwaresima ikaisha wao wakaendelea. Wenzake wameacha, yeye hawezi. Akasema, "Nikila nasikia kuna mtu ananitukana kichwani."

Sikumwambia ale. Nilimwambia: "Hilo huwezi kulibeba peke yako, na si kosa lako. Jumatatu tunakwenda hospitali ya mkoa, Mawenzi, tuulize kitengo cha afya ya akili. Nitakuwa nawe chumbani kama unataka, na nje kama hutaki." Akasema hataki kwenda, atachekwa kuwa chizi. Nikasema naelewa, na tutakwenda.

Kinachonisumbua sasa ni shule. Inafunguliwa wiki ijayo. Arudi au abaki?

Matroni_Mstaafu
Arudi, mama. Nimekaa mabwenini miaka mingi. Ukimtenga na wenzake unamwongezea upweke. Zungumza na matroni wake akae naye meza moja.

Nesi_Njiro
Kwa heshima, mama yangu, hapo sikubaliani. Matroni mmoja na watoto mia, bwalo lina kelele, nani ataona chapati iliyotawanywa? Wiki za mwanzo milo yote na vitafunio vinahitaji mtu mmoja anayemjua.

Binti_wa_Sakina
Mimi nilibaki nyumbani muhula mmoja. Mwili ulisaidika, ila kuachwa nyuma na darasa kuliniuma sana, nusura nianze upya. Sina jibu.

Mama_Soweto
Basi nitamuuliza daktari hilo hilo Jumatatu, na nitamuuliza binti mwenyewe kabla hatujaingia. Kuna anayejua kama shule za bweni zinakubali mtoto wa kidato cha tatu aje kutwa kwa muhula mmoja? Sisi tuko karibu, daladala moja tu.